Mpango uliotoka kwa akili bandia: kisa cha mtihani wa nyumbani Lubumbashi

Kisa hiki kilitokea katika kitivo cha sheria cha chuo kimoja hapa Lubumbashi. Mimi ni asistenti wa somo lenyewe. Ndimi niliyesahihisha kopi, kisha nikakaa kwenye kamati ya watu watatu iliyoamua jambo hili. Nimeondoa majina, mwaka na alama zozote za kumtambulisha mtu, na habari chache za familia ya mwanafunzi nimezibadilisha kwa idhini yake. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile wanafunzi wananiuliza swali moja kwa maneno tofauti: kutafuta mawazo au kupanga kazi kwa msaada wa akili bandia, je, ni kudanganya mtihani?

## Usuli

Promosheni, yaani darasa zima, ilikuwa ya mwaka wa tatu. Profesa aliamua kwamba badala ya mtihani wa saa nne ukumbini, wanafunzi wapewe swali moja waende nalo nyumbani na kulirudisha baada ya saa 72. Alikuwa na sababu nzuri. Somo ni sheria ya madini, na huwezi kuzungumzia sheria ya madini kwa kukariri. Lazima uwe na maandishi ya sheria mkononi na uyasome polepole.

Swali lilikuwa hili: Tangu marekebisho ya 2018, je, mrabaha wa madini unagawanywa kwa haki kati ya taifa, jimbo na eneo lenye mgodi? Watu wa Haut-Katanga na Lualaba, majimbo yetu ya migodi, hawahitaji kuelezwa kwa nini swali hili linauma.

Chini ya swali kulikuwa na sentensi mbili tu za masharti: "Kazi ya mtu binafsi. Hati zote zinaruhusiwa." Akili bandia haikutajwa kabisa. Mgawanyo wa alama ulibandikwa pia, na naomba msomaji aukumbuke kwa sababu kisa chote kinauzunguka. Swali-kiini, yaani lile swali moja ambalo kazi nzima inalijibu, lilikuwa na alama 4. Mpango ulikuwa na alama 6. Hoja na matumizi ya sheria alama 7. Lugha na manukuu alama 3. Jumla 20.

Alama 6 kwa mpango zinaweza kumshangaza mtu aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam. Sisi tulilelewa kwenye utaratibu wa insha ya Kifaransa: tangu sekondari tunafundishwa kwamba mpango si ngazi ya kupandia ukuta halafu unaiondoa, mpango ni sehemu ya ukuta. Kwenye sheria tunaubana zaidi: sehemu mbili, kila moja na A na B, na vichwa vinne vinavyoonyesha msimamo wa mwandishi hata kabla hajaandika aya moja. Msahihishaji akisoma vichwa hivyo vinne, anajua kama mtu amelielewa swali.

## Yaliyotokea

Kopi zilirudi Jumatatu. Nilianza kusahihisha usiku huohuo, na kwenye kopi ya tisa au ya kumi nikasimama. Kichwa cha sehemu ya pili, herufi A, kilisema: Hazina ya Serikali kurudisha fungu la majimbo na maeneo. Nikafikiri ni kuteleza kwa kalamu. Baada ya kopi nane nyingine nikakutana na kichwa hichohicho, neno moja tu likiwa limebadilishwa. Hadi naumaliza mrundo nilikuwa na kopi nne zenye mpango uleule, kwa mfuatano uleule.

Kufanana peke yake hakuthibitishi kitu. Wanafunzi waliosoma daftari moja huweza kufikia mpango mmoja. Kilichonisimamisha ni kwamba kichwa kile kilikuwa na kosa, na lilikuwa kosa la kipekee. Chini ya sheria ya madini ya 2002, mrabaha ulilipwa kwa Hazina ya Serikali, kisha Hazina ndiyo iliyotakiwa kuugawa: asilimia 60 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji au teritwari yenye mgodi. Marekebisho ya Machi 2018 yalibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Mafungu sasa ni asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenye mgodi na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Na njia ya malipo ilibadilika: kampuni inalipa kila fungu moja kwa moja kwa mwenyewe. Hakuna tena Hazina kupokea yote na kurudisha. Jambo hilo tulilifundisha saa nzima, tukachora mshale ubaoni.

Kati ya zile kopi nne, moja ilinitatiza kuliko nyingine. Chini ya kichwa kile chenye kosa, aya zenyewe zilikuwa sahihi. Mafungu manne yalitajwa vizuri, na malipo ya moja kwa moja yalielezwa kwa maneno ambayo hayakuwa ya daftari letu wala ya kitabu. Kichwa kilizungumzia sheria ya 2002, kiwiliwili kikazungumzia ya 2018. Ilikuwa kama watu wawili wameandika ukurasa mmoja bila kuonana.

Nilimpelekea Profesa kopi zote nne. Mwenzetu mwingine, naye ni mwalimu wa kitivo, akaingiza kopi ile iliyonitatiza kwenye programu ya kutambua maandishi ya akili bandia, na programu ikajibu kwamba kuna uwezekano mkubwa. Akapendekeza sifuri papo hapo. Profesa alikataa, akasema tumwite mwanafunzi kwanza.

Alikuja siku iliyofuata, amebeba daftari la mraba lililokunjwa katikati.

"Mama, keti," Profesa akamwambia. "Huu mpango umeupata wapi?"

"Prof, kazi ni yangu. Niliiandika mwenyewe siku mbili, hata umeme ulipokatika niliandika kwa mshumaa."

"Sijauliza kazi. Nimeuliza mpango."

Akanyamaza kidogo. Kisha akatoa simu, akafungua mazungumzo yake na programu ya akili bandia, akaiweka mezani mbele yetu. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema: "Nilidhani mpango si kitu. Nilidhani kukopia ni kuchukua sentensi."

Tuliyasoma mazungumzo yale kutoka juu hadi chini. Alikuwa ameandika mara nne. Mara ya kwanza alibandika swali la mtihani neno kwa neno na kuomba mpango wa sehemu mbili wenye A na B. Mara ya pili aliomba vichwa vifupishwe. Mara ya tatu aliuliza maana ya neno moja la kifedha. Mara ya nne, usiku wa pili, aliandika hoja yake mwenyewe na kuomba aonyeshwe udhaifu wake.

Kisha tukafungua daftari. Kurasa za kwanza zilikuwa za kabla ya simu. Tarehe na saa vililingana. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika maswali matatu kwa kalamu ya bluu. La tatu lilisema hivi: mjomba anafanya kazi kwenye ofisi ya sekta yenye mgodi, anasema wanajua asilimia 15 ni yao, lakini hawajui kampuni imezalisha tani ngapi, kwa hiyo watajuaje kama walicholipwa ndicho? Chini ya swali hilo alikuwa ameanza mpango wake: sehemu ya kwanza, haki iliyoandikwa, sehemu ya pili, haki isiyoweza kuhakikiwa. Mstari mmoja ulikuwa umepitishwa juu ya yote.

Nilimuuliza kwa nini alifuta. Akasema mpango wa simu ulionekana wa kisomi zaidi, na swali la mjomba halikuwa na pa kuingia.

## Tulichoamua, na kwa nini

Mezani kulikuwa na mapendekezo matatu. Mwenzetu alitaka sifuri na mtihani wa sesheni ya pili. Mimi kwa upande wangu nilielekea kwenye onyo tu, kwa kuwa karatasi haikukataza akili bandia, na sheria ya adhabu haibuniwi baada ya kosa. Profesa alituuliza swali ambalo lilitutoa kwenye mkwamo. "Kama mama huyu angempigia simu kaka yake wakili, akamwomba amtungie mpango, halafu akajaza aya mwenyewe, mngesema nini?" Tulijua jibu. Sharti la "kazi ya mtu binafsi" lingemkamata bila kumtaja kaka wala wakili. Alipoulizwa mwanafunzi mwenyewe, alijibu haraka: "Kaka nisingemwuliza. Hapo ningejua ni kosa."

Kwa hiyo tulikubaliana kwamba sharti lilivunjwa, lakini kwenye kipande kimoja tu. Mpango haukuwa kazi yake. Swali-kiini liliathirika kidogo. Alikuwa ameligeuza lifuate mpango, ingawa maneno yalikuwa yake. Hoja na aya zilikuwa zake, na daftari lilionyesha zilivyokua.

Matokeo ya programu ya kutambua tuliyaweka kando kabisa, na naeleza kwa nini, maana vyuo vingi bado vinayashika kama ushahidi. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliondoa programu yake yenyewe ya kutambua Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima programu kadhaa za aina hiyo na kuona kwamba insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilihukumiwa kimakosa kuwa za mashine, zaidi ya nusu yake. Wanafunzi wetu wanaandika Kifaransa cha darasani, lugha ya tatu au ya nne kwao, wakitumia misemo waliyofundishwa. Na hata kama programu hizo zingekuwa sahihi, kwenye kisa hiki zisingefaa: zinapima sentensi, na kilichochukuliwa hapa kilikuwa mifupa. Aya ambazo programu ilizishuku ndizo alizoandika kwa mshumaa.

Uamuzi ukawa huu. Alama za mpango zifutwe. Apewe swali jipya la somo lilelile, karatasi tupu na dakika 40 katika ofisi ya Profesa, atunge mpango na kuutetea kwa mdomo. Alama atakazopata hapo ndizo zichukue nafasi ya zile 6. Nyingine zibaki jinsi zilivyosahihishwa.

Wale watatu wengine walipewa njia ileile. Wawili walikiri. Mmoja alikana, akasema mazungumzo yamefutika pamoja na simu iliyoibiwa. Hatukuweza kuthibitisha na hatukujifanya tumethibitisha.

## Matokeo

Mwanafunzi wa daftari alikuwa na 14 kwenye usahihishaji wa kwanza: 3 za swali-kiini, 5 za mpango (nilimpunguzia moja kwa kichwa chenye kosa), 4 na nusu za hoja, 1 na nusu za lugha. Kwenye mpango mpya alipata 3 na nusu. Akabaki na 12 na nusu, akafaulu somo. Wale wawili waliokiri, mmoja alifaulu kwa shida, mwingine akaenda sesheni ya pili kwa sababu aya zake pia zilikuwa dhaifu. Aliyekana alitunga mpango akapata 1. Tulipomuuliza aeleze kichwa kimoja cha kopi yake, alikisoma kwa sauti akakiacha hapo. Hata hivyo aliadhibiwa kwa alama ile 1 tu, si kwa udanganyifu.

Mpango mpya wa dada yule ulistahili 3 na nusu, si zaidi. Vichwa vilikuwa virefu, na herufi B ya sehemu ya kwanza ilirudia A. Lakini alipoulizwa kwa nini ameugawa hivyo, alijibu dakika kumi bila kuangalia karatasi.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuuliza "alama zinalipia nini?" kabla ya kuuliza "ametumia akili bandia au hakutumia?" Neno kupanga linasikika dogo, na wanafunzi wengi wanaliweka upande mmoja na kununua karatasi na kuchaji simu: maandalizi tu. Kwenye mtihani ambao mpango hauna alama, wana hoja. Kwenye insha yetu ya sheria, aliyechukua swali-kiini na mpango kutoka nje amechukua alama 10 kati ya 20, yaani alama ya kufaulu, kabla hajaandika aya moja.

Kilichofanya kazi pia ni ushahidi wa kazi ikikua: daftari lenye mistari iliyofutwa na mazungumzo kamili ya simu. Vilimsaidia mwanafunzi kuliko utetezi wowote. Bila daftari tungeamini kwamba hata aya si zake.

Kilichoshindwa, kwanza, ni sisi. "Hati zote zinaruhusiwa" ni sentensi ya zamani, ya wakati ambapo hati ilikuwa kitu kilichokwisha kuandikwa kabla ya mtihani. Gazeti rasmi la serikali haliwezi kujibu swali lako. Kitabu hakikutungii mpango wa swali la leo. Programu inayojibu si hati, ni mtu wa tatu aliyeingia kwenye mtihani. Sisi tulilijua hilo moyoni, hatukuliandika. Mwanafunzi aliyesoma sentensi ile kwa nia njema angeweza kuipa maana yake.

Pili, ilishindwa njia ya wote wanne kupimwa sawa. Aliyeonyesha simu yake kwa hiari alipoteza alama moja na nusu. Aliyeficha alipoteza zaidi, lakini kwa sababu ya udhaifu wake, si kwa sababu ya kuficha. Mwanafunzi mwerevu anayeficha angetoka salama. Bado sina dawa ya hilo, isipokuwa utetezi wa mdomo kwa kila mtu, na kwa promosheni kubwa hiyo ni siku kadhaa za kazi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mpango ule ulimharibia kazi nzuri. Swali la mjomba wake, kwamba fungu la asilimia 15 ni haki isiyoweza kuhakikiwa kama eneo halijui uzalishaji, lilikuwa wazo bora kuliko yote niliyosoma katika kopi zote za promosheni ile. Lilifutwa kwa sababu mpango uliokuja ulionekana umevaa suti. Mtu akishauona mpango uliokamilika ni vigumu kuuona mwingine. Macho yanarudi palepale. Na mpango wenyewe ulijengwa juu ya sheria iliyokwisha kubadilishwa. Hapo ndipo kosa la akili bandia linapokuwa gumu kuliona: mafungu yenye kosa aliyasahihisha, kwa sababu ni tarakimu na alikuwa na sheria mkononi. Wazo la kwamba Hazina inarudisha fedha lilikuwa limejificha ndani ya kichwa, na kichwa mtu hakihakikishi, anakijaza tu.

Ile mara ya nne, alipoandika hoja yake na kuomba kuonyeshwa udhaifu, ilikuwa jambo jingine kabisa. Hapo yeye ndiye aliyetangulia. Kama angefanya hivyo kwa mpango wake wa kalamu ya bluu, pengine tungekuwa na kopi ya alama 16 na swali dogo tu la kama alitakiwa kutaja msaada huo.

## Maswali yaliyofuata

Baada ya matokeo, Profesa aliruhusu saa mbili ukumbini kwa maswali. Nayaandika yale yaliyorudiwa zaidi, na majibu tuliyoyatoa.

Nikitafuta mawazo na akili bandia nyumbani, halafu nikaingia mtihani wa ukumbini mikono mitupu, nimedanganya? Hapana. Hayo ni marudio, sawa na kujadiliana na wenzako chini ya mwembe. Ukishaingia ukumbini ni wewe na kichwa chako, na mtihani unapima ulichobaki nacho. Kuna hali moja ya kuangalia: pale mwalimu anapotoa maswali kumi mapema na kusema mawili yatatoka. Hapo pia mipango uliyotungiwa na kuikariri si udanganyifu, kwa sababu mwalimu amekuruhusu ujiandae kwa njia yoyote. Hatari yake ni nyingine. Swali likibadilishwa neno moja, mpango uliokaririwa unajibu swali la jana, na msahihishaji analiona hilo kwenye mstari wa kwanza.

Na ndani ya ukumbi, nikitazama simu kwa mpango tu? Ni udanganyifu, hakuna mjadala, hata kama hukuandika neno hata moja kutoka humo. Vivyo hivyo kwa wadogo zenu wanaokwenda kwenye mtihani wa serikali: insha ya Kifaransa ya nje ya sesheni inaandikwa chini ya usimamizi, na simu hairuhusiwi kuingia. Mdogo wako anaweza kufanya mazoezi ya mipango kabla ya siku ile kwa msaada wowote. Siku yenyewe haiwezekani.

Kazi za nyumbani za kawaida, zile TP? Inategemea mwalimu, na lazima umwulize kabla ya kuanza. Kipimo cha ngazi 5 kilichochapishwa mwaka 2024 na Mike Perkins, Leon Furze na wenzao kinatumiwa na walimu wa nchi nyingi kwa kazi hii. Ngazi ya kwanza inakataza akili bandia kabisa. Ya pili inairuhusu kwa kutafuta mawazo na kupanga tu, maandishi yakibaki ya mwanafunzi. Zinazofuata zinaruhusu zaidi. Ninakipenda kwa sababu kinaonyesha kwamba kupanga kumepewa ngazi yake. Wapo walimu watakaokupa ngazi ya pili bila wasiwasi, hasa kwenye TP ambazo alama zote ziko kwenye uchunguzi wa uwanjani: umekwenda soko la Kenya hapa Lubumbashi, umehoji wauzaji kumi na wawili, hakuna programu itakayokufanyia hilo.

Nikiruhusiwa, nataja vipi? Wale wanaosimamia mitihani ya shule Uingereza, baraza linaloitwa JCQ, wanamtaka mwanafunzi ataje jina la programu, tarehe aliyoitumia, aeleze kwa ufupi ameitumiaje, na ahifadhi nakala ya maswali na majibu isiyoweza kuhaririwa, kwa mfano picha ya skrini. Tumeiga hilo. Mistari mitatu mwishoni mwa kazi inatosha. Mfano tuliouandika ubaoni: "Nilitunga mpango wangu kwanza (daftari, ukurasa 2). Tarehe fulani niliuliza programu fulani udhaifu wa sehemu ya pili. Nilibadilisha B, sikubadilisha mengine." Piga picha ya skrini siku hiyohiyo; simu zinaibiwa kweli.

Kwenye TFC, ile kazi ya kumaliza mzunguko wa masomo? Hapa mtu wa kuuliza ni mwelekezi wako, na uulize mapema, kabla ya mpango wa muda. Msaada wa kupanga sura ni jambo ambalo mwelekezi mwenyewe anakupa, kwa hiyo si kila msaada ni aibu. Lakini swali-kiini la TFC ndilo jury itakalokukamua nalo. Kama limetoka kwa programu, utajikuta mbele ya watu watatu ukieleza kwa nini ulilichagua swali ambalo hukulichagua.

Kuna tofauti gani kati ya akili bandia na mwenzangu aliyenisaidia mawazo? Kijana aliyeuliza hili alikuwa nyuma kabisa, na alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye marudio hakuna tofauti kubwa. Kwenye mtihani wa nyumbani ulioandikwa "kazi ya mtu binafsi" hakuna tofauti pia: vyote viwili vimekatazwa. Sharti haliibani mashine zaidi ya binadamu. Wengi walikuwa wamelivunja kwa miaka kupitia kaka, dada na vikundi vya WhatsApp bila mtu kuwauliza, na ukumbi ulipolisikia hilo ulinyamaza.

Karatasi ya mtihani wa sesheni iliyofuata ilikuwa na sentensi tano badala ya mbili. Ya tatu ilisema: "Swali-kiini na mpango vina alama 10, vitoke kwako, na rasimu ya mkono iambatanishwe." Dada yule hakuwa anaufanya mtihani huo. Alikuja ofisini mwangu na barua kutoka kwa mjomba, ombi la ofisi ya sekta kwa kampuni kutaka takwimu za tani, na akauliza kama inaweza kuwa mwanzo wa TFC yake.